Nimero ya shahidi iandikwe kwa karatasi ya deni

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama ambao munachunga makaratasi ya nyumba ndani ya sanduku, muende mutoshe ile karatasi ya deni ao ya kupanga nyumba muko nayo, muiangalie. Mara mingi iko hivi: juu jina ya mukopeshaji, chini jina ya mukopaji, makuta kwa nimero na kwa maandishi, siku ya kulipa. Kisha, kule chini kabisa, «Shahidi: Papa Dieudonné», «Shahidi: Mama Maombi», saini mbili zenye hakuna mutu anaweza kusoma, na alama ya kidole. Basi.

Papa Dieudonné yupi? Kpandroma peke yake iko na wangapi? Siku karatasi ilifanywa kila mutu alimujua, maana alikuwa amekaa palepale kwa kiti. Karatasi ya deni lakini haifanywe juu ya ile siku. Inafanywa juu ya siku yenye watu watakosana, na ile siku Papa Dieudonné anaweza kuwa Mongbwalu, ao Durba, ao Mambasa, ao amevuka ziwa na familia yake. Sisi wachimbaji tunafuata zahabu: shimo ikikauka tunahama. Na tangu mwisho wa 2017, vita ya Djugu imeongeza ingine: vijiji vizima vimekimbilia Bunia, Mahagi na Uganda, na watu wakirudi hawarudi wote, wala hawarudi fasi moja. Shahidi mwenye hana nimero ya simu kwa karatasi, kwetu hapa, ni shahidi wa miezi mbili tatu.

Kwa sendika tunapokea hizi kesi kila mara, na nimeona kama watu wanafikiri nimero ya shahidi inamusaidia paka mukopeshaji. Hapana. Yenye inasaidiwa zaidi ni familia ya mwenye deni. Tuchukue karatasi moja kama mufano, tuifuate mupaka mwisho.

Muchimbaji mumoja anakopa dola 400 kwa mufanya-biashara juu ya kununua motopompi na mipira ya kutosha maji kwa shimo. Wanaandikana tarehe 10 ya mwezi wa tatu, kulipa tarehe 10 ya mwezi wa tisa. Kuko mashahidi wawili, na kuko mudhamini, ule kwa kopeki tunaita avalisti: kaka ya muke wake, ambaye anasema «akishindwa, mimi niko». Mwezi wa saba shimo inatoa. Muchimbaji analipa dola 250 mbele ya mashahidi walewale wawili, chini ya hangari, watu wanacheka, wanakunywa soda. Hakuna mutu anaandika kitu. Mwezi wa nane udongo unaanguka, muchimbaji anakufa. Mwezi wa tisa mufanya-biashara, ao mutoto wake mukubwa maana muzee mwenyewe amesafiri, anakuja kwa mujane na karatasi mukononi: dola 400.

Mujane alikuwa nyumbani siku ya kulipa. Alisikia bwana akisema «nimepunguza deni», lakini hajui ngapi. Kama karatasi iko na majina matupu, anaanza kuzunguka kwa machimbo kuuliza nani anamujua Papa Dieudonné, na huku ule kijana anaongea mambo ya parseli. Wengi wanachoka, wanalipa mara ya pili, ao wanaachilia motopompi, na tena wanaongeza makuta. Kama karatasi iko na nimero, anaita shahidi wa kwanza, simu imezimwa. Anaita nimero ya pili yenye iko pembeni, ya dada yake shahidi, naye anasema: «Yeye iko Durba, piga hii ingine.» Kwa siku mbili mashahidi wawili wamesema kitu kimoja: dola 250, mwezi wa saba, chini ya hangari. Sasa wanakaa mbele ya shefu wa kartie na simu ikiwa kwa sauti kubwa, na mazungumzo ni juu ya dola 150. Na kaka ya muke, ule mudhamini, naye anapona: mudhamini hawezi kudaiwa kupita kile kimebakia.

Hapa niseme wazi. Mbele ya shefu, mbele ya wazee, mbele ya kooperative, sauti ya mashahidi wawili inatosha kwa kumaliza neno. Mbele ya tribinali ni ngumu zaidi: sheria yetu ya mapatano, ile ya tarehe 30 julayi 1888 yenye ingali inatumika, inapenda karatasi kuliko midomo, na mutu mwenye anataka kusema kinyume cha karatasi kwa njia ya mashahidi tu anaweza kukataliwa. Kwa hiyo kila malipo iandikwe nyuma ya karatasi ileile, na tarehe, na saini ya mwenye kupokea. Ile siku ya hangari, kalamu moja ingetosha. Nimero ya simu haichukue fasi ya maandishi. Inarudisha watu wenye waliona, ili waseme, ao waandike na kutia saini kile waliona.

Sasa, namna ya kuandika. Watu wanafikiri ni kitu kidogo, na ndipo wanapotea.

Kwanza, nani anaandika? Kila shahidi aandike nimero yake mwenyewe kwa mukono wake, kama anajua kuandika. Tukisomeana kwa mudomo tunakosa, maana huku tunasema nimero kwa Kifaransa: «swasanti» na «septanti», pembeni ya jenereta ao ya kinu, zinafanana kabisa, na nimeona karatasi yenye 60 ilikuwa 70. Kama mutu mwingine anamuandikia, itajwe alama moja moja: sifuri, nane, moja. Kisha muhesabu. Nimero ya Kongo ikianza na 0 iko na alama 10. Ikianza na +243, ile 0 inaondoka, na nyuma ya 243 kunabakia alama 9. Ukipata 9 na 0 mbele, alama moja imepotea, na hakuna mutu ataipata mwaka ujao.

Pili, inchi. Sisi wa huku kaskazini ya Djugu na Mahagi, wengi tuko na laini ya Uganda ndani ya simu. Shahidi anaandika 077 ao 078 na kuendelea, anaona ni sawa maana yeye anaitwa nayo kila siku na watu wa Arua ao wa Paidha. Siku ukiipiga na Vodacom yako ao Airtel ya Kongo, simu inakuambia nimero haiko. Iko, lakini ni ya Uganda. Kwa hiyo tuandike kila nimero na +243 ao +256 mbele, hata kama siku ile unaona haina maana. Na kwa mwenye iko na laini mbili, aandike zote mbili, maana kuko kilima chenye Airtel inashika na Vodacom haishike, na kilima kingine ni kinyume.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: muipige palepale, mbele ya kutia saini. Si «nitakubipa». Muipige, simu ilie kwa mufuko ya shahidi, watu wote wasikie. Kama simu yake imezimwa sababu batri imekufa, mungojee ao mutafute batri. Kama anasema «niliiacha nyumbani», mutoto wa nyumbani aitike. Hapa utavumbua mambo: nimero ya zamani, nimero ya bibi, nimero yenye ilipotea na simu ku Mongbwalu. Kuvumbua leo ni dakika tano.

Nne, laini ni ya nani? Wengi wetu tulinunua kadi-simu kwa njia, kwa kijana wa mwavuli, yenye ilikuwa imekwisha kuandikishwa kwa jina ya mutu mwingine. Inaita, inaitika, lakini siku utasema «hii ni nimero ya fulani», kampuni itaonyesha jina ingine kabisa. Njia ya kuangalia iko rahisi: ingia kwa makuta ya simu, `*501#` kwa Airtel Money, `*1122#` kwa M-Pesa, `*144#` kwa Orange Money, fanya kama unataka kutuma franga kidogo kwa ile nimero. Kama iko na akaunti, mara mingi jina inaonekana kwa skrini mbele ya kutia kodi ya siri. Soma jina, kisha kata, usitume. Kama jina si ya shahidi, haimaanishe yeye ni mwizi. Andika tu pembeni: «laini iko kwa jina ya dada yake fulani». Kesho hakuna mutu atashangaa.

Tano, nimero ya pili. Laini yenye haitumike kwa miezi mingi, kampuni inaikata na kuiuzisha tena kwa mutu mwingine. Muchimbaji mwenye iko ndani ya pori fasi hakuna rezo anaweza kupoteza nimero yake hivyohivyo bila kujua, na wewe ukiipiga unaitikiwa na mwanamuke wa Kisangani mwenye hajui deni yako. Ndiyo maana kila shahidi atoe pia nimero ya mutu mumoja mwenye hahame: muzazi, mwalimu, pasta, dada mwenye iko na duka. Na ule mutu aambiwe. Usitie nimero ya mwalimu kwa karatasi ya deni na yeye hajui, maana siku ataitwa atakata simu, na atakuwa na haki.

Pembeni ya nimero mutie kitambulisho: nimero ya karti ya mupiga-kura, ao ya karti ya muchimbaji wa mukono kama mwaka wake haujapita. Nimero ya simu inabadilika, karti inasaidia kujua kama mutu mwenye anaitika ni yeye kweli.

Tunafika sasa kwa neno lenye linavuruga watu kila mara: shahidi na mudhamini si mutu mumoja. Karatasi mingi zinaandika majina yote matatu kwa mustari moja, «mashahidi», na baadaye mukopeshaji anaita wote na kuwatishia: lipa, ulitia saini! Shahidi hana deni. Shahidi aliona, anasema kile aliona, amemaliza. Mudhamini ndiye anasimama kulipa. Na udhamini haufikiriwe tu: sheria ya Ohada juu ya dhamana, ya tarehe 15 desemba 2010, yenye inatugusa maana Kongo iliingia Ohada tarehe 12 septemba 2012, inaomba mudhamini atie saini na aandike kwa mukono wake makuta ya juu kabisa yenye anadhamini, kwa maandishi na kwa nimero. Kama hajui kuandika, mashahidi wawili wamusimamie: wahakikishe ndani ya karatasi kama ni yeye, kama alikuwa pale, na kama alielezwa kile anaingia. Kwa wazee wetu wengi wa machimbo, ambao wanatia kidole, hii si kitu ya kuruka. Angalia basi nimero za wale mashahidi wawili ni za lazima namna gani: bila wao, kidole cha muzee ni wino tu.

Kwa hiyo karatasi iwe na fasi mbili, moja imeandikwa MASHAHIDI, ingine MUDHAMINI, na nimero kwa kila fasi. Mutu asitie saini yake kwa fasi yenye si yake. Ukiitwa kuwa shahidi na unaona jina yako chini ya neno «mudhamini», weka kalamu chini.

Nimero ya mudhamini iko na kazi yake ya pekee. Mwenye deni akiisha kuonywa kulipa na asilipe, sheria ileile inamupa mukopeshaji mwezi moja kwa kumujulisha mudhamini na kumuambia ni kiasi gani kimebakia. Asipofanya, anapoteza haki ya kumuomba mudhamini faida na malipizi yenye yalipanda katikati. Huku kwetu kinyume ndicho kinafanyika: mukopeshaji ananyamaza mwaka muzima, anaacha faida inapanda, kisha siku moja anakuja kwa mudhamini na hesabu ya kutisha. Mudhamini mwenye nimero yake iko wazi kwa karatasi anaweza kumuuliza: nimero yangu ulikuwa nayo, iliita siku ya kutia saini, ulinijulisha siku gani?

Na kujulisha si kupiga simu tu. Sauti inapotea. Tuma mesaji, kisha uilinde, usifute. Inaweza kuwa fupi hivi: «Mimi ni fulani. Ulidhamini deni ya fulani, dola 400, tarehe 10/3. Ilikuwa ilipwe 10/9. Alilipa 250, inabakia 150. Nilimuonya tarehe 15/9, hajalipa.» Mesaji kama hiyo haina matusi, haina vitisho, na ukifika mbele ya mutu wa sheria unaionyesha pamoja na karatasi. Kama neno ni la makuta mingi, barua ya mukono yenye imepokelewa na saini iko na nguvu kupita mesaji.

Kwa nyumba za kupanga mambo ni yaleyale, nitapita mbiombio. Sheria ya tarehe 31 desemba 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi tatu. Garanti ndiyo inaleta vita siku ya kutoka: mupangaji anasema nilitoa miezi tatu, mwenye nyumba anasema mbili. Kwa wakimbizi wa vita wenye walipanga Bunia na kutoka usiku ao kurudi kwao haraka, ni vigumu zaidi. Kwa karatasi ya nyumba, mbali na mashahidi, tia nimero ya mutu mwenye mwenye nyumba anaachia parseli wakati hayuko. Wenye parseli wengi wanakaa fasi ingine, na ule «sentinele» mwenye anapokea makuta kila mwezi hana jina kwa karatasi yoyote. Mwenye nyumba naye atie nimero ya mudhamini wa mupangaji kama yuko, maana mupangaji akikimbia vita na vitu vyake vikabakia ndani, kuko mutu wa kuita mbele ya kuvunja kufuli.

Kuko wenye wananiambia: ukieneza nimero za watu hivyo, unawaletea shida. Ni kweli kwa sehemu. Karatasi ya deni ikitembea mukononi mwa vijana wenye kudai kwa nguvu, shahidi anaitwa usiku wa manane. Mimi naona dawa iko kwa karatasi yenyewe: mustari moja yenye inasema nimero hizi ni za kuita juu ya hii mapatano tu, na hazipewe mutu mwingine. Na karatasi ifanywe nakala tatu, ya mukopeshaji, ya mukopaji na ya mudhamini, zote na nimero zilezile. Hii ya pili watu wanaisahau: nakala ya mukopeshaji iko na nimero zote, ya mukopaji iko na majina tu, na ule mujane wa mufano yetu ndiye anabakia bila kitu. Picha ya karatasi kwa simu ya mutoto mukubwa ni nzuri pia, lakini pande zote mbili, maana malipo yanaandikwa nyuma.

Kwa upande wa sendika tumeomba kooperative zenye ziko na fomu zao za kukopesha vyombo waongeze mistari mitatu chini ya kila jina: nimero ya kwanza, nimero ya pili na jina ya mwenyewe, na alama «imepigwa, imeita» na tarehe. Wengine wamekubali, wengine wanasema karatasi itakuwa ndefu. Watumie upande wa nyuma, lakini waache fasi ya malipo.

Na shahidi akibadilisha nimero, asifute ile ya zamani wala kuipaka wino. Apige mustari moja juu yake, ili ibakie kusomeka, aandike mupya pembeni na tarehe, kisha mukopeshaji na mukopaji watie saini zao ndogo pale, kwa kila nakala.